Mtaji unaliwa na gharama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni kwa simu, ambayo sasa imewaingia hata walimu wenzangu vijijini. Wengine huchukua mtaji kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, na mkopo huo hukatwa kwenye mshahara hata mtaji ukiisha.

Mwenzangu mmoja alianza na dola 200. Kwa kukopeshwa na wakala, alinunua Euro 10,000 kwa mara moja na kuziuza baada ya dakika chache. Bei ya kununulia huwa juu kidogo ya bei ya kuuzia, na tofauti hiyo ni malipo ya wakala. Kwake ilikuwa dola 1.50 kila mara. Alifanya hivyo mara 10 kwa siku, yaani dola 15. Kwa siku 20 ni dola 300. Gharama peke yake zilizidi mtaji wote.

Je, faida haikuweza kufidia? Alilenga kupata dola 10 au kupoteza dola 10. Ukitoa gharama, akipatia hupata dola 8.50, akikosea hupoteza dola 11.50. Akipatia mara 50 na kukosea mara 50, amepoteza dola 150. Ili asile hasara ni lazima apatie karibu mara 58 katika kila 100. Hilo ni gumu, maana bei ya dakika chache huyumba ovyo, na habari inapotoka, mashine za mabenki makubwa huwa zimekwisha nunua kabla yeye hajagusa simu.

Tena kuna moyo wa binadamu. Faida ndogo aliichukua haraka, lakini hasara aliiacha ikue akitumaini bei itarudi. Siku moja, baada ya kukosea mara tatu mfululizo, alinunua Euro 30,000 kwa hasira. Euro ikashuka nusu senti ya dola tu, na dola 150 zikaondoka kabla ya kengele ya mapumziko. Usiku hakulala, na asubuhi hakufundisha vizuri.

Wasiseme ni uzembe wake. Watafiti wa Brazili waliwafuatilia watu walioanza kati ya 2013 na 2015 kununua na kuuza siku hiyo hiyo katika soko la mitaji la huko. Kati ya waliodumu zaidi ya siku 300, watu 97 katika kila 100 walipata hasara.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayekuita katika biashara hii mwombe taarifa ya akaunti yake ya mwaka mzima, gharama zikiwamo. Picha ya faida ya siku moja haitoshi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.