Kuchanganya Lugha Darasani: Jukwaa la Fundi au Mkongojo?

Katika shule za msingi za serikali mtoto wa Kitanzania husoma sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, sayansi ile ile humjia kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na tangu hapo walimu wamekuwa wakiliziba pengo hilo wenyewe kwa kuchanganya lugha, desturi ambayo wanaisimu huiita kubadili msimbo. Wapo wanaoilaani na wapo wanaoitetea. Mimi naona kwamba desturi hiyo ina sura mbili, na kila mmoja anaweza kuzitofautisha akilitazama somo moja kwa makini.

Nikisimamia walimu wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, Moshi mjini na katika shule za milimani upande wa Kibosho na Marangu, mada inayonifunza zaidi ni densiti katika fizikia ya kidato cha kwanza. Mwalimu husoma fasili kwa Kiingereza, huona nyuso zimeduwaa, kisha hurahisisha kwa Kiswahili: densiti ni uzito wa kitu. Darasa hutikisa kichwa. Hapo muda umeokolewa, lakini kosa limepandwa. Katika Kiswahili cha kila siku, gogo la mti ni zito na kokoto ni nyepesi. Hata hivyo gogo huelea na kokoto huzama. Neno “uzito” limemficha mwanafunzi jambo lenyewe, yaani tungamo iliyomo katika kila kipimo cha ujazo.

Mwalimu mwingine huuliza swali ambalo mtoto wa mkulima wa kahawa huweza kulijibu bila kitabu: kwa nini nyumbani buni mbivu hutiwa majini kabla ya kumenywa? Hutiwa ili zile mbovu zielee, zienguliwe. Mwalimu huchukua buni mbili za ukubwa mmoja, moja nzima na nyingine iliyotobolewa na wadudu. Ujazo wa nje ni ule ule, lakini ile iliyotobolewa ina nafasi ya hewa ndani, kwa hiyo tungamo yake ni ndogo. Sasa densiti ina maana. Kisha huja kipimo: jiwe la gramu 56 likitumbukizwa katika silinda yenye maji, maji hupanda kutoka sentimita za ujazo 50 hadi 70. Gramu 56 kwa ujazo wa 20 ni gramu 2.8 kwa kila sentimita ya ujazo. Maji ni gramu 1, kwa hiyo jiwe litazama.

Hadi hapa Kiswahili kimefanya kazi ya jukwaa la fundi mwashi: kimemfikisha mwanafunzi mahali ambapo mikono yake isingefika. Lakini fundi hujenga ukuta akiwa juu ya jukwaa, na ukuta ukisimama jukwaa huondolewa. Katika somo, ukuta ni sentensi kamili ya Kiingereza inayotungwa na mwanafunzi mwenyewe, katika kipindi kile kile, kueleza kwa nini ile buni ilielea. Mwalimu anaweza kumpa istilahi tatu ubaoni, lakini sentensi hawezi kumtungia.

Hatua hiyo ndiyo inayorukwa mara nyingi, na dalili zake huonekana. Mwalimu hueleza yote kwa Kiswahili, kisha huandika muhtasari wa Kiingereza unakiliwe. Anapouliza, huanza sentensi yeye na kuacha neno la mwisho, na darasa zima hulijaza kwa sauti moja. Kelele hiyo hufanana na uelewa, ingawa hakuna aliyetunga chochote. Huo ni mkongojo. Siku ya mtihani wa taifa, swali la Kiingereza likimtaka aeleze sababu, mtoto anayeijua densiti vizuri huacha nafasi tupu, na mfumo humhesabu mjinga.

Kwa wathibiti ubora wa shule ningependekeza kipimo kimoja. Msimwandike vibaya mwalimu kwa sababu ametamka Kiswahili. Hilo humfanya asome kitabu kwa Kiingereza siku mnapomtembelea, kisha arudi alikokuwa mkiondoka. Fungueni madaftari, mtafute sentensi za Kiingereza ambazo hazikutoka ubaoni, hata zenye makosa. Zikiwapo, kuchanganya lugha kunafundisha. Zisipokuwapo, mwalimu anaelewa kwa niaba ya darasa.

Nami ningali naamini kwamba mtihani wenyewe ungepaswa kumruhusu mtoto ajibu kwa lugha anayofikiria. Lakini anayefanya mtihani Novemba hii hawezi kungoja sera ibadilike. Anahitaji ile sentensi moja ya kwake, katika kila kipindi.