Istilahi za Kalkulasi: Neno kwa Neno Halitoshi

Mwanachuo wa ualimu aliyesoma kalkulasi kwa Kiingereza hufika chuoni akiwa na kanuni nyingi kichwani na maneno machache ya kuzielezea. Aambiwapo amfafanulie mwenzake kwa Kiswahili, huomba apewe orodha: upande huu Kiingereza, upande ule Kiswahili. Ombi hilo ni la haki. Lakini sisi tunaona kwamba orodha ya namna hiyo, isipokuwa na jambo la tatu, yaweza kumpoteza msomaji badala ya kumwongoza.

Tuanze na neno ambalo kwa Kiingereza hutamkwa limiti. Tafsiri iliyo karibu ni kikomo, nasi hatuna ugomvi nayo. Shida ni kwamba kikomo hutokana na kukoma, na mwanafunzi huelewa mara moja kuwa thamani hufika pale zikasimama, au kwamba hazivuki. Tuchukue kanuni hii:

f(x) = (x² − 4)/(x − 2)

Tukiweka x = 2 tunapata 0/0, yaani kanuni haina thamani mahali hapo. Tukiweka 1.9 tunapata 3.9, tukiweka 2.01 tunapata 4.01. Kikomo ni 4, ingawa hakuna kilichofika pale. Tena tutazame sin x/x, x ikizidi kukua bila mwisho. Kikomo ni 0, lakini thamani zake hupanda juu ya 0 na kushuka chini yake mara zisizohesabika. Hazikukoma, na mpaka umevukwa. Mwalimu atajua kuwa neno limempoteza mwanafunzi pale atakaposikia jibu, "Haina kikomo kwa sababu 2 hairuhusiwi."

Kiingereza kina kosa lake pia. Neno hilohilo limiti hutumika kwa namba mbili zinazoandikwa chini na juu ya alama ya intigrali, nazo hazihusiani na kukaribia kitu chochote; zinaonyesha tu eneo linaanzia wapi na kuishia wapi. Kiswahili kinayo mipaka kwa kazi hiyo. Mwenye kutafsiri neno kwa neno ataandika kikomo mara mbili, na kuuhamishia kwetu utata ambao hatukuwa nao.

Neno la pili ni derivativu. Wengi hulieleza kwa kasi. Tutazame mpira uliorushwa juu, kimo chake kwa mita baada ya sekunde t kikiwa:

h = 20t − 5t²

Kutokana na hapo dh/dt = 20 − 10t. Baada ya sekunde 3 tunapata −10. Kasi ya mpira ni mita 10 kwa sekunde. Alama ya hasi yatuambia kuwa mpira unashuka, na neno kasi halina nafasi ya habari hiyo. Zaidi ya hayo, eneo la duara, πr², likichunguzwa kwa kufuata r, hutoa 2πr, wala hapo hapana wakati wala mwendo.

Wengine husema mteremko. Katika sekunde ya 1 jibu la mpira wetu ni 10, na mchoro unapanda. Mwanafunzi ambaye nyumbani kwao mteremko ni njia ya kushukia atashangaa kwa haki.

Sisi tunapendekeza mnyambuo, kutokana na kunyambua. Itasemwa kuwa neno ni la sarufi. Ni kweli, na mwalimu hana budi kulitaja hilo siku ya kwanza. Lakini lina faida: kitendo na zao lake vina shina moja, ilhali Kiingereza husema difarenshieti kwa kitendo na derivativu kwa zao, hata mwanafunzi asione undugu wao.

Basi jambo la tatu tunalodai ni sentensi yenye hesabu ndani yake, iliyochaguliwa ili kuzuia kosa ambalo neno lenyewe laweza kulizaa. Kwa mfano:

Limiti: kikomo. "Kikomo cha (x² − 4)/(x − 2), x ikikaribia 2, ni 4, ijapokuwa kanuni haina thamani pale 2."

Limiti za intigrali: mipaka. "Eneo chini ya mchoro wa y = x kwa mipaka 0 na 4 ni 8."

Derivativu: mnyambuo. "Mnyambuo wa h pale t = 3 ni −10; mpira unashuka."

Orodha ya maneno ishirini yaliyoandikwa hivi itachukua kurasa chache tu. Tungependa kuwa nayo hiyo kabla ya kuwa na orodha ya maneno mia mbili yasiyo na sentensi.