Ndoto ya Moto si Hukumu

Imani ya baadhi ya Waislamu, kwamba anayeota akipelekwa Jahanamu ameonyeshwa makazi yake ya akhera, haina msingi katika dini, nayo huwaumiza zaidi waumini wenye waswasi, yaani wale wanaoandamwa na shaka hata wakarudia udhu na sala wasiridhike.

Ushahidi ulio wazi ni Hadithi ya Abdullahi bin Omar, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Kijana huyo, ambaye wakati huo alikuwa hajaoa na akilala msikitini Madina, aliota malaika wawili wamemchukua hadi kwenye Moto uliojengewa kama kisima, akawaona humo watu anaowafahamu, akawa anaomba kinga kwa Mungu mpaka malaika mwingine akamjia na kumwambia asiogope. Alimsimulia dada yake Hafsa, mke wa Mtume, naye Mtume alipopata habari alimsifu Abdullahi kuwa mtu mwema, laiti angekuwa akisali usiku. Ndoto yenye vitisho vyote hivyo, basi, ilizaa sifa pamoja na himizo la ibada moja ya sunna, ambayo si dhambi kuiacha. Wanaotisha watu kwa ndoto za Moto humsahau malaika yule wa tatu.

Isitoshe, si kila ndoto inastahili tafsiri. Hadithi hugawa ndoto mafungu matatu: bishara njema kutoka kwa Mungu, huzuni inayoletwa na shetani, na mazungumzo ya nafsi, ambayo ni mawazo ya mchana yanayorudi usiku, na anayeshinda akihofia adhabu huweza kuiota. Kwa ndoto ya kutisha Mtume alielekeza mtu ateme mate kidogo kushotoni mara 3, aombe kinga kwa Mungu, ageuke ubavu, wala asiisimulie, kwa kuwa haitamdhuru. Katazo hilo la kusimulia lina uzito kwa mwenye waswasi, maana kila anayemuuliza humtuliza kwa saa chache tu, kisha shaka hurudi ikimtaka amuulize mwingine.

Wanazuoni wa fikihi, elimu ya sheria za ibada na maisha, hawaijengei hukumu ndoto ya mtu wa kawaida. Kwa hiyo ndoto inayodai kwamba toba haikubaliwi, au kwamba saumu ya mwaka jana ni batili, hukataliwa kwa sababu inapingana na Kurani au haina dalili.

Hatari iliyobaki ni tiba yenyewe kugeuka kifungo, pale muumini anapotema mara 3, akashuku kwamba hakutema sawasawa, akarudia hadi alfajiri. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya 16, alipoulizwa dawa ya waswasi alijibu kuwa ni kuupuuza kabisa. Hivyo mara ya kwanza inatosha, hata kama shaka ingalipo, na aliyekwisha kukosa usingizi kwa majuma amwendee pia daktari wa akili.