Bi harusi, kofia ya fungate ichague kwa upepo kwanza



Msimu wa harusi ukifika, kila bi harusi ninayemfahamu hurudi kutoka madukani na pama moja kubwa, ukingo wake mpana kama sinia, ya kuvalia ufukweni siku za fungate. Kwenye picha inapendeza, sikatai. Lakini maoni yangu ni kwamba kwa visiwa vyetu hiyo ndiyo kofia mbaya kuliko zote, na mtoto wa dada yangu ndiye aliyenifundisha.

Yeye aliolewa mwezi wa Julai, wakaenda Paje. Julai ni kusi, na Paje upepo huo unatoka baharini moja kwa moja. Wachezaji wa vishada vya majini wanaufuata kutoka mbali. Pama yake ilikuwa na ukingo wa sentimita 16. Siku ya kwanza alitembea mkono mmoja kichwani. Siku ya pili kofia ilimtoka, ikabiringika mchangani, akaikimbilia na hijabu ikafunguka mbele za watu. Baada ya hapo akaiacha chumbani. Na uso wake ulikuwa umetoka kusuguliwa singo wiki nzima na kutolewa vinyweleo kwa uzi, ngozi laini kama ya mtoto. Alirudi mjini na mashavu yamebabuka. Kofia alikuwa nayo, tatizo haikukaa kichwani.

Tuanze na jua, kwa sababu ndilo linalotufanya tununue ukingo mpana. Kipimo chake tunacho tayari, tunakijua kwa swala. Angalia kivuli chako. Kikilingana na urefu wako, basi kivuli cha kofia kinashuka usoni kwa urefu uleule wa ukingo: ukingo wa sentimita 8, kivuli sentimita 8. Kivuli chako kikiwa nusu ya urefu wako, kile cha kofia kinashuka mara mbili. Kikirefuka, kile cha kofia kinapungua.

Sasa tufanye hesabu ya Paje mwezi wa Julai. Adhuhuri kivuli chako ni kama nusu ya urefu wako. Kofia ya sentimita 8 inakupa kivuli cha sentimita 16, na kutoka katikati ya paji la uso, kofia inapokaa, mpaka kidevuni ni kama hizohizo. Uso wote umesitirika. Wakati jua ni kali kabisa, ukingo wa wastani unatosha.

Alasiri inapoingia, kivuli chako ni kama mara moja na nusu ya urefu wako. Ukiligeukia jua, kofia ya sentimita 8 inakupa sentimita 5 na kidogo, yaani mpaka machoni tu. Ile ya sentimita 16 inakupa kama 10 na nusu, yaani karibu na ncha ya pua. Mashavu ya chini na kidevu vimebaki nje kwa zote mbili. Jua la pembeni halizuiwi na kofia, linazuiwa kwa kulipa mgongo, kwa kukaa kivulini na kwa mafuta ya kukinga jua. Tena mchanga wetu mweupe unarudisha mwanga kutoka chini, na huo hauzuiwi na ukingo wowote.

Upepo nao unahesabu kwa namna yake. Ukiongeza ukingo kutoka sentimita 8 mpaka 16, eneo linaloshikwa na upepo linaongezeka zaidi ya mara mbili na nusu, maana ukingo unazunguka kichwa kizima. Na upepo wenyewe ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Kwa hiyo sentimita 8 za ziada zinakupa kivuli kidogo alasiri, na siku nzima zinakupa tanga kichwani. Mimi nasema sentimita 7 au 8, basi.

La pili ni kichwa chenyewe. Kofia nyingi zimekatwa kwa kichwa kitupu, sisi tunavaa juu ya hijabu. Nenda dukani na hijabu ileile utakayoivaa, nywele umezifunga vilevile, upime kwa utepe juu ya kitambaa. Kichwa cha sentimita 56 mara nyingi kinafika 58 au 59. Ukinunua ya 56 itakaa juu juu kama kifuniko cha birika, na upepo wa kwanza utaiondoa. Fundo la nywele lishushe kisogoni, lakini lisiwe kubwa, maana ukikaa kwenye kiti litausukuma ukingo wa nyuma na kofia itakushukia machoni.

Hijabu ya chini iwe ya pamba. Satini na shifoni zinateleza, hata kofia ya kipimo chako itazunguka. Kisha weka kamba. Shonea utepe wa pamba ndani ya kofia, pande zote mbili mbele kidogo ya masikio, ufunge chini ya kidevu juu ya hijabu. Kamba ikishonwa nyuma ya masikio, ukingo wa mbele unainuka na upepo unaingia chini yake.

Kuhusu kitambaa, ninachokipenda ni ukili wetu uliosukwa kwa kubana. Mgumu kiasi cha kutopigwapigwa na upepo, na unapitisha hewa. Uinue kuelekea mwangani: ukiona vitobo vingi, jua litakutia madoadoa usoni. Jihadhari na zile zinazofanana na ukili kumbe ni karatasi iliyosokotwa, zikilowa maji ya bahari zinalegea na ukingo unainama. Pamba nzito au kitani pia ni nzuri, mradi ukingo umepigwa mishono mingi ya kuzunguka ili usimame. Poliesta juu ya hijabu na kofia ya ndani ni joto matabaka matatu. Utaivua kabla ya saa sita.

Kama fungate yenu ni Lushoto mwezi huohuo, ukingo hauna kazi usiku. Huko vaa kofia ya sufu iliyofumwa, pana ya kutosha kuchukua hijabu. Ufumaji unapitisha upepo, kwa hiyo hijabu nzito ya chini ndiyo inayozuia baridi, sufu inatunza joto.

Wako watakaosema pama ni mambo ya kigeni. Nawaomba waende Jambiani maji yakitoka, wawaone mama zetu wa mwani, kofia za ukili juu ya kanga. Hijabu ndiyo sitara. Kofia haifuniki shingo wala masikio, kwa hiyo haichukui nafasi yake, inakaa juu yake tu. Na wakati wa swala ivue, kwani ukingo unazuia paji la uso kugusa chini wakati wa kusujudu. Hapo ndipo utakaposhukuru kwamba hijabu ya chini umeifunga sawasawa.

Mtoto wa dada yangu sasa ana ya ukili, sentimita 8, kamba ya pamba. Ile kubwa imetundikwa ukutani sebuleni, na kusema kweli, pale imependeza.