Barua ya Michango ya Ndoa Iseme Kiasi na Siku

Vijana, wengi wenu mmekwisha kuitwa katika komite ya ndoa ya ndugu au rafiki, na kazi ya kwanza mliyopewa ilikuwa kuandika barua ya michango. Mwaka jana nilipokea barua moja ya namna hiyo. Ilisema tu kwamba mchango wangu utapokelewa kwa moyo mkunjufu. Haikutaja kiasi wala siku. Juma moja kabla ya arusi simu zilianza kulia usiku na mchana, na kijana mmoja aliyetoa dola 5 aliulizwa mbele ya watu kama hana haya. Ukumbi ulilipwa kwa mkopo, na wenye ndoa walianza maisha yao na deni.

Wapo wanaosema kwamba kutaja kiasi ni aibu, kwa kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi naona kinyume. Barua isiyotaja kiasi humwacha maskini akisie anachotazamiwa, na anayekisia huogopa. Afadhali viandikwe viwango vitatu, na chini yake maneno haya: «Asiyeweza kiasi hiki atoe alicho nacho, naye asiye na kitu aje tusali pamoja.»

Lakini kiasi hakitoki hewani. Tuchukue mfano wa ndoa itakayofungwa Jumamosi tarehe 22 mwezi wa nane, wageni wakiwa 150. Chakula na vinywaji ni dola 8 kwa kila mgeni, yaani 1.200. Ukumbi, viti, muziki, gari na picha ni dola 600. Jumla ni 1.800. Jamaa mbili zinazo tayari 800, zimebaki 1.000. Komite inaandika barua 60: wajomba, shangazi na ndugu 10 wanaombwa dola 30 kila mmoja, marafiki na wenzi wa kazi 20 wanaombwa dola 20, majirani na vijana 30 wanaombwa dola 10. Hesabu inatimia: 300, na 400, na 300.

Hapa ndipo komite nyingi hujikwaa. Huhesabu ahadi kana kwamba ni fedha. Kwa hiyo barua itaje siku mbili: ahadi zifike kabla ya tarehe 28 mwezi wa sita, na fedha zenyewe kabla ya tarehe 26 mwezi wa saba, karibu majuma manne kabla ya arusi. Majuma hayo si ya kuwafuata watu milangoni. Ni ya kupunguza sherehe wakati ingali yaweza kupunguzwa.

Tuseme tarehe 26 zimefika dola 640. Pamoja na zile 800 tunazo 1.440, zimepunguka 360. Komite yenye busara haikopi. Inaacha gari la kukodi na kundi la muziki, dola 160, kisha inapunguza wageni 25, ambao ni dola 200. Hesabu imekwisha, pasipo deni. Ili jambo hili liwezekane, kadi za mwaliko zisichapwe kabla ya siku hiyo, na orodha ya wageni ipangwe na wazee wa jamaa mbili kabla ya fedha ya kwanza kuingia. Wanaopunguzwa ni wa mwisho katika orodha hiyo, si wale ambao hawakutoa. Siku ambayo mjane anakosa kadi kwa sababu hakuleta dola 10, mchango umegeuka kuwa bei ya mlango.

Barua iseme pia fedha zinapokelewa na nani. Mmoja apokee na kutoa risiti, mwingine aandike daftari. Anayetuma kwa simu aone jina atakaloliona kabla ya kuthibitisha, naye anayetoa faranga ajulishwe dola inahesabiwa kwa kiasi gani. Noti ya dola iliyopasuka ikaguliwe palepale inapopokelewa. Mwenye ukumbi ataikataa, na hapo hakuna atakayekumbuka ilitoka kwa nani. Baada ya arusi, daftari lisomwe mbele ya jamaa zote mbili.

Kuna wachumba wanaoahirisha ndoa mwaka hata mwaka kwa sababu michango haikutosha. Wakumbuke kwamba ili wafunge ndoa, Kanisa ladai wachumba walio huru wanaokubaliana, padri au shemasi mwenye ruhusa, na mashahidi wawili. Ukumbi haumo. Komite itakayoyajua haya itaandika barua yake pasipo hofu, na anayeipokea ataisoma pasipo hofu.