BARUA ZA MALIPO ZITAJE MALIPO

Wanachama wengi siku hizi hupata barua za chama kwa barua-pepe, katika simu zao. Twaona ni jambo jema, kwani bahasha hukawia njiani. Lakini barua za kudai fedha zinazotoka katika matawi bado zaandikwa kana kwamba msomaji ameshaifungua bahasha na kuvaa miwani. Hajafanya hivyo. Yeye ameona mstari mmoja wa kichwa, na chini yake maneno machache ya mwanzo wa barua, na kwa hayo ndiyo huamua afungue au aache.

Tuchukue mfano wa majamvi ya kuanikia. Chama hukusanya fedha kabla ya msimu ili yaagizwe pamoja. Mwanachama asiyelipa hapati, na karafuu zake zikichumwa huanikwa chini, zikaokota mchanga na takataka, akaja kulia siku ya kupangiwa daraja. Sasa tazameni kichwa cha namna tuliyoizoea: “TAARIFA MUHIMU KUTOKA CHAMA KWENDA KWA WANACHAMA WOTE KUHUSIANA NA MALIPO”. Simu kwa kawaida huonyesha herufi 30 hadi 40 hivi, na mzee aliyeyakuza maandishi ya simu yake huona chache zaidi. Ukikata penye herufi ya 35, hubaki “TAARIFA MUHIMU KUTOKA CHAMA KWENDA”. Neno lenyewe la malipo halikuonekana kabisa!

Sisi tungeandika hivi: “Majamvi 2: lipa 30,000 mwisho 12 Juni”. Hizo ni herufi 37, pamoja na nafasi zake. Kitu kimetangulia, kwa kuwa ndicho mtu anachokitaka; kikafuata kitendo na kiasi, kisha siku. Tumesema “mwisho” wala si “kabla ya”, kwa sababu ukisema kabla ya tarehe 12, mmoja atalipa tarehe 11 na mwenziwe atakuja tarehe 12 kugombana na mshika fedha. Ikiwa simu ya mtu ni nyembamba sana, kitakachokatika kwanza ni jina la mwezi.

Mstari wa kwanza wa barua nao ni vivyo hivyo. Makatibu wetu ni watu wa adabu, na huanza kwa salamu, kisha “uongozi wa tawi unapenda kuchukua nafasi hii adhimu”, na fedha hutajwa katika aya ya tatu. Hatusemi salamu ziachwe. Barua isiyo na salamu kwetu ni ugomvi. Lakini “Assalaamu alaykum” ni herufi 17 tu, nayo yatosha. Kisha iendelee: “Umeagiza majamvi 2, tafadhali lipa Shs. 30,000 benki, mwisho 12 Juni, na uandike namba yako ya uanachama.” Habari za wazee na mvua za masika zaweza kufuata hapo chini, kwa mwenye kuzitaka.

Kuna makatibu wanaodhani dawa ni kupiga kelele: “HARAKA!!! LIPA SASA”. Hivyo ndivyo waandikavyo matapeli, na barua za namna hiyo mara nyingine hutupwa na mitambo katika jalala la barua chafu kabla mtu hajaziona. Na kwa kuwa tumewataja matapeli: barua ya malipo iseme fedha ziende katika hesabu ile ile ya chama ambayo mwanachama anaijua tangu zamani. Mwanachama akiona namba ngeni, aulize tawini kwanza, kwa simu au kwa miguu, wala asijibu barua hiyo.

Vile vile neno “deni” lisiingie katika kichwa. Simu huwekwa juu ya baraza, ikawaka, na aliye jirani akasoma. Majamvi 2 hayamwaibishi mtu.

Kasoro nyingine ni ndogo lakini twaiona mara kwa mara. Katibu hutafuta barua ya zamani iliyokwenda kwa wanachama wote, akaijibu hiyo hiyo ili asiandike majina upya. Madai ya majamvi yakaenda chini ya kichwa cha “Mkutano wa Machi”, na aliyehudhuria mkutano huo hana haja ya kufungua.

Kabla ya kupeleka, katibu ajipelekee mwenyewe kwanza, aitazame barua hiyo kwenye simu bila ya kuifungua. Ikiwa hawezi kusema ni fedha za nini, kiasi gani na mwisho lini, basi na aiandike tena. Maagizo ya majamvi ya msimu ujao bado hayajatoka matawini, na twapenda barua zake ziwe za namna hii.