Mchoro wako umesambaa bila jina? Omba hivi

Muuguzi mmoja anayependa kuchora aliweka Instagram mchoro wa namna ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari, pale pakiti za ORS zinapokuwa hazijapatikana. Vipimo ni vile vinavyofundishwa kliniki: vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, kwa maji safi lita 1. Chini kabisa, pembeni ya chupa ya maji, aliandika jina lake.

Wiki mbili baadaye mchoro ukaonekana kwenye ukurasa mkubwa wa malezi. Jina halikuwapo. Wala ile “lita 1” haikuwapo, kwa sababu vyote viwili vilikuwa kwenye ukingo mmoja uliokatika. Akina mama walishaanza kuuliza: maji kiasi gani? Swali lao lilikuwa la msingi, maana maji yakiwa kidogo chumvi inazidi, na mtoto huweza kudhoofika zaidi.

Kabla ya kukasirika, inafaa kujua picha husafirije. Mtu huipiga skrinishoti, huituma kwenye kundi la WhatsApp, mwingine huiweka status, na njiani kingo huweza kukatwa. Anayeendesha ukurasa huenda aliipokea ikiwa tayari haina jina. Kumwandikia “mmeiba kazi yangu” ni kumtuhumu kwa jambo ambalo pengine hakulifanya, na aliyetuhumiwa mara nyingi hufuta picha au humzuia mlalamikaji. Hata “mmeitoa wapi?” husomeka kama swali la polisi.

Kiswahili kina msaada wake hapa. “Mmekata jina” humnyooshea mtu kidole; “jina limekatika” hueleza tukio bila kumtafuta aliyelifanya. Muuguzi huyo aliandika hivi, kwa ujumbe wa faragha:

“Habari za kazi. Asanteni kwa kuusambaza mchoro wa maji ya chumvi na sukari. Niliuchora mimi, na mchoro kamili upo kwenye kiungo hiki. Katika nakala iliyowafikia, sehemu ya chini yenye jina na kipimo cha maji imekatika. Naomba muongeze mstari huu mwanzoni mwa maelezo yenu: ‘Mchoro wa’, kisha jina la ukurasa wangu, ‘Kipimo cha maji safi ni lita 1.’ Picha yenyewe inaweza kubaki. Natanguliza shukrani.”

Ombi ni moja, na maneno ya kunakili yapo tayari, hivyo admini hahitaji kufikiria aandike nini. Kiungo kinaonyesha tarehe mchoro ulipowekwa mara ya kwanza, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana nani alitangulia. Instagram hairuhusu kubadilisha picha iliyokwisha wekwa, ila maelezo yake huhaririwa wakati wowote. Kuomba wabadilishe picha ni kuwaomba wafute chapisho lenye maoni mamia, na wachache watakubali. Jina nalo liwe mwanzoni, kwani maelezo marefu hukunjwa, na likiwa mwishoni msomaji halioni mpaka aguse “more”.

Kipimo cha maji hakikusubiri majibu. Siku hiyohiyo aliandika kwenye maoni ya chapisho hilo: “Asanteni kwa kusambaza. Maji ni lita 1.” Hakutaja jina wala lawama. Pia aliwaomba marafiki zake wasiende kupiga kelele pale, na hilo pengine lilikuwa gumu kuliko kuandika ujumbe.

Siku tatu zikapita kimya. Kimya si lazima kiwe dharau: ujumbe kutoka kwa mtu ambaye ukurasa haumfuati huangukia kwenye sehemu ya maombi ya ujumbe, ambayo wengi hawaifungui. Alitumia anwani ya barua pepe iliyokuwa kwenye wasifu wa ukurasa, akarudia maneno yaleyale bila kuongeza ukali. Jioni wakamjibu, wakaomba radhi, na wakaandika “Picha kwa hisani ya mtandao”.

Hapo wengi hushukuru na kuondoka. Yeye alishukuru, kisha akaongeza: “Jina la ukurasa lenye alama ya @ litawasaidia akina mama kuuona mchoro kamili.” Walipohariri tena, aliligusa jina kuhakikisha linafungua ukurasa wake, herufi moja ikikosewa, linafungua kwa mtu mwingine au halifunguki kabisa.

Njia hii ni ya kurasa zinazosambaza tu. Anayechapa mchoro wako kwenye bidhaa na kuuza si wa kuombwa mstari wa jina. Huyo ni wa kupelekwa Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ukiwa na mchoro wa awali na tarehe yake.